Jaribio la irabu: heat, hit, hat, hut, heart, hurt. Oanisha alama, neno na maelezo ya ulimi, kisha toa sababu

Mwl_Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha masomo ya ziada kwa wanachuo wa ualimu hapa Dodoma, wengi wao wanachukua Kiingereza. Swali linalowaliza ni lile la kuoanisha alama ya irabu na neno la mfano, halafu na maelezo ya ulimi ulipo. Wanakariri jedwali zima, ila mtungaji akibadilisha neno moja tu, jedwali lote linamwagika.

Nimetunga jaribio langu. Maneno karibu yote yanaanza na h na kuishia na t, kwa hiyo huna konsonanti ya kukusaidia kubahatisha. Kinachobadilika ni irabu tu. Matamshi ni ya Kiingereza cha Uingereza kinachowekwa kwenye kamusi, yaani r ya heart na hurt haitamkwi.

Alama: 1 /ʌ/, 2 /iː/, 3 /ə/, 4 /æ/, 5 /ɜː/, 6 /ɪ/, 7 /ɑː/

Maneno: A heart, B hit, C hut, D ahead (irabu ya kwanza), E hurt, F heat, G hat

Maelezo:
K. Ulimi uko mbele, umepanda hadi karibu na kaakaa gumu, midomo imetandazwa.
L. Ulimi uko katikati ya kinywa kwa usawa wa kati. Irabu ndefu, inaweza kubeba mkazo.
M. Ulimi uko nyuma na chini kabisa, midomo haikuviringwa. Irabu ndefu.
N. Ulimi uko mbele na juu, ila umeshuka na kurudi ndani kidogo, misuli imelegea.
P. Ulimi uko katikati kwa usawa wa kati. Irabu fupi, haibebi mkazo kamwe.
R. Ulimi uko mbele, karibu na chini, kinywa kimefunguka.
S. Ulimi uko katikati, chini ya usawa wa kati. Irabu fupi, inaweza kubeba mkazo.

Jibu bila sababu silihesabu. Karibuni.

Zuzu_Stesheni
Naanza mimi, mwalimu. 2-F-K, 6-B-N, 7-A-M, 4-C-R, 1-G-S, 3-E-P, 5-D-L.

Sababu: heat ni ndefu, ndiyo maana ina vile vidoti viwili. Hit ni fupi. Heart ni a ndefu. Hat na hut kusema kweli ni a moja, nimegawa tu ili kila mtu apate. Hizo mbili za mwisho ni zile "e zilizopinda", nimeziweka kwa kuangalia sura.

Konda_wa_Sabasaba
"Nimegawa tu ili kila mtu apate" 😂😂 Mkuu wewe ungefaa kuwa mwenyekiti wa kikoba.

Mama_Chamwino
Asante mwalimu kwa uzi. Mwanangu yuko darasa la kwanza, anasoma a e i o u vizuri ila akifika kwenye "mwa" na "nywe" anakwama. Nimpe jaribio hili?

Mwl_Nkuhungu
Hapana mama, hili ni la wakubwa wanaojifunza matamshi ya Kiingereza. Litamchanganya bure. Mtoto wako irabu anazijua, kinachomtesa ni konsonanti zinazofuatana kabla ya irabu. Mwambie aseme "nye" kwanza hadi itoke bila kusita, ndipo aongeze w katikati.

Zuzu, umepata tatu kati ya saba, lakini mbili kati ya hizo zina sababu ambayo itakuangusha kesho. Nasubiri wengine kwanza.

Ulimi_Mrefu
Nimefundisha fonetiki miaka mingi kabla ya kustaafu, na majibu ya Zuzu nayajua kama ninavyoijua njia ya kwangu. Hana tatizo la kumbukumbu. Anasikiliza kwa sikio la Kiswahili, na sikio hilo lina vyumba vitano tu: i, e, a, o, u. Kila sauti mpya inayobisha hodi inaingizwa kwenye chumba kimojawapo.

Tazameni maneno tuliyoyachukua kutoka Kiingereza. Irabu ya hut, kwenye bus, club, number na brush, imeingia chumba cha a kila mara: basi, klabu, namba, brashi. Hapo hatuyumbi. Ya hat je? Bag ikawa begi, bank ikawa benki, gas ikawa gesi, stamp ikawa stempu. Lakini jam ikawa jamu, na camp ikawa kambi. Sikio lilisitasita kati ya e na a, na kusitasita huko ndiko kunakotuambia sauti ile ilikuwa wapi: katikati ya e yetu na a yetu. Ndiyo maelezo R kwa lugha nyingine, mbele na karibu na chini. Kwa hiyo 4-G-R.

Zuzu, njia yako ni hii. Sema "heka", shikilia e. Sema "haki", shikilia a. Sasa toka kwenye e kwenda kwenye a polepole bila kukata sauti, usimame katikati ya safari. Ongeza t. Hiyo ni hat. Ukifika mwisho wa safari, ukasimama kwenye a yetu na kuifanya fupi, uko jirani kabisa na hut.

Zuzu_Stesheni
Nimefanya hapa kibarazani, jirani kaniuliza kama naumwa jino. Ila nimeisikia tofauti. Tatizo nikisema haraka inarudi kuwa a.

Studio_Kikuyu
Mimi narekodi kwaya, si mtu wa lugha, ila hili naweza kuwaonyesha kwa macho. Nina programu ya bure inaitwa Praat, ya Boersma na Weenink wa Amsterdam. Unarekodi neno, unachagua irabu, inakuchorea mistari myekundu ya mawimbi yenye nguvu. Wa kwanza kutoka chini, F1, unapanda kadiri kinywa kinavyofunguka. Wa pili, F2, unapanda kadiri ulimi unavyosogea mbele.

Nilirekodi hat na hut zangu mwenyewe kwa mazoea yangu ya kawaida. Hat: F1 kama 730, F2 kama 1450. Hut: F1 kama 720, F2 kama 1400. Yaani ni neno moja nimelisema mara mbili! Nikafuata njia ya mzee hapo juu ya kusimama katikati ya e na a. F2 ya hat ikapanda hadi karibu 1650, F1 ikabaki palepale. Kinywa kimefunguka kiasi kilekile, kilichosogea ni ulimi tu, mbele.

Ulimi_Mrefu
Kijana umefanya kazi nzuri. Tahadhari moja tu: usilinganishe namba zako na za dada wa sauti ya kwanza hapo kwaya. Koo fupi hutoa namba kubwa zaidi hata ulimi ukiwa mahali palepale. Linganisha hat yako na hut yako, basi.

Konda_wa_Sabasaba
Mimi nina njia rahisi kuliko hizo programu. Weka kidole gumba chini ya kidevu. Heat kidevu hakishuki, hit kinashuka kidogo, hat kinashuka sana, heart kinashuka kabisa. Kidevu kinakwambia kila kitu, jaribio limeisha.

Mwl_Nkuhungu
Konda, kwa nusu uko sawa, na hata mimi kidole kidevuni naanza nacho darasani. Kinakuonyesha juu na chini. Lakini hat na heart kidevu kinashuka karibu sawa, na tofauti yao ni mbele na nyuma. Kidevu hakijui mbele na nyuma.

Halafu jaribu hili: ng'ata kalamu katikati ya meno, useme heat, hit, hat. Zinatoka zote, japo kwa kero. Kidevu kimefungwa, ila ulimi umefidia kazi yake. Kwa hiyo kidevu ni msaidizi tu, kinachotafutwa ni ulimi.

Kwa mbele na nyuma natumia kijiti safi cha aiskrimu, nakiweka juu ya ulimi bila kusukuma. Sema hat: sehemu ya mbele ya ulimi inakigusa na kukiinua kidogo. Sema heart: ulimi unakikimbia, unajikusanya nyuma kama daktari alivyokuambia useme "aa" akutazame koo. Daktari anaitaka irabu ile kwa sababu ulimi ukiwa chini na nyuma, mlango unabaki wazi. Hiyo ndiyo 7-A-M, na Zuzu aliipata.

Mkondoa_Halisi
Wakuu, mimi ni Mrangi wa Haubi, na nina pingamizi. Alama namba 6 umeikosea. Sisi sauti hiyo tunaiandika ɨ, i iliyokatwa. Hata jina la lugha yetu tunaandika Kɨlaangi. Na ile ya "book" ni ʉ. Kwa nini mnatuandikia alama nyingine?

Ulimi_Mrefu
Karibu sana ndugu yangu. Pingamizi lako lina jambo, ingawa halifuti alama ya mwalimu.

Mnachoandika ni tahajia ya lugha yenu, nayo ni sahihi kwa kazi hiyo. Kirangi kina irabu saba, herufi za Kiswahili ni tano, ikabidi zipatikane mbili zaidi, na i na u zilizokatwa zikachukuliwa. Lakini kwenye mchoro wa kimataifa wa fonetiki, ɨ ni ya irabu ya juu iliyoko katikati ya kinywa, ulimi umerudi ndani mbali na mbele. Sauti yenu ya Kɨlaangi haiko huko. Iko mbele, chini kidogo ya i, na mwanafonetiki ataiandika ɪ. Kwa hiyo ukijibu jaribio hili tumia ɪ, ukiandika barua nyumbani tumia ɨ.

Ila sikilizeni faida aliyo nayo huyu bwana. Wagogo na Waswahili tuna irabu tano. Wataalamu wanaamini lugha mama ya Kibantu ilikuwa na saba, na kwetu zile mbili za juu zikaungana: i na ɪ zikawa i moja, u na ʊ zikawa u moja. Warangi walizihifadhi, Wasukuma pia. Sisi heat na hit tunazisikia kama neno moja lililovutwa na lililokatwa. Mrangi ana vyumba viwili tayari, anachohitaji ni kuoanisha tu.

Mkondoa_Halisi
Kumbe! Sasa naelewa kwa nini pale shuleni nilikuwa naambiwa nina lafudhi ya Kiingereza nzuri wakati nilikuwa nasema Kirangi tu 😄

Binti_UDOM
Samahani, nina swali. Huyu mzee amesema hit na heat "tunazisikia kama neno lililovutwa na lililokatwa". Si ndivyo zilivyo? Kile kidoti ː maana yake ni urefu. Kwa hiyo Zuzu aliposema ndefu na fupi alikosea nini?

Mwl_Nkuhungu
Swali zuri, na ndilo nililokuwa nalisubiri. Zuzu jibu lake lilikuwa 2-F-K na 6-B-N, sahihi. Sababu yake ndiyo mbovu, na ubovu wake unaonekana ukisikiliza wenyewe wanavyoongea.

Waingereza wana tabia ya kuifupisha irabu ikifuatwa na konsonanti isiyo ghuna kama p, t, k. Heat inaishia na t. Kwa hiyo iː ya heat inabanwa sana, fupi kuliko iː ya heed. Na ɪ ya hid, inayofuatwa na d ghuna, haibanwi. Matokeo yake, ukipima kwa saa, irabu ya heat na irabu ya hid zinaweza kulingana urefu kabisa. Kama urefu ndio ungekuwa tofauti, msikilizaji angechanganyikiwa. Hachanganyikiwi, kwa sababu anasikiliza mahali ulimi ulipo.

Jaribio la pili. Sema hit, lakini uivute irabu kadiri pumzi inavyoruhusu, bila kusogeza ulimi hata kidogo. Mwingereza atasikia hit ya mtu anayeimba. Hatasikia heat. Wanafunzi wangu hawawezi kufanya hivi mara ya kwanza, maana wakivuta tu, ulimi unapanda wenyewe kwenda kwenye i ya "hii". Hapo ndipo nampata asiyeijua ɪ: anavuta, nayo inageuka kuwa heat mbele ya macho yangu. Ukitaka kuipata, anzia kwenye "hii", kisha legeza ulimi ushuke kidogo kuelekea e, usifike. Midomo nayo iache kutabasamu. Angalia kwenye kioo: heat pembe za midomo zimevutwa, hit zimeachiwa.

Ndiyo maana maelezo K na N sikutaja urefu kabisa. Nilitaka anayetegemea vidoti akose pa kushika.

Studio_Kikuyu
Nathibitisha. Nimevuta hit yangu kwenye Praat, F1 imeanza vizuri halafu ikateremka taratibu hadi ya heat. Nimejiona nikidanganya.

Zuzu_Stesheni
Haya, nimekubali. Zile mbili zilizopinda je? Hurt na ahead. Mimi zote nazisikia kama "a" ya kivivu.

Binti_UDOM
Nijaribu hii. Hurt ni 5-E-L, ahead ni 3-D-P. Ulimi uko mahali pamoja, tofauti ni mkazo. Ahead mkazo uko kwenye "head", kile kisilabi cha mwanzo kinapitwa tu. Hurt ni silabi moja, haina pa kuukimbizia mkazo, lazima ikae kwenye irabu hiyohiyo.

Mwl_Nkuhungu
Umemaliza dada. Alama zote mbili kwa hilo swali, na hiyo "haina pa kuukimbizia mkazo" nitaiiba.

Ulimi_Mrefu
Niongeze kuhusu kila moja, kwa sababu wasahihishaji wanaona makosa yale yale.

Kwenye hurt, sikio letu limechanganyikiwa kuliko popote. Shirt na skirt kwa Mwingereza zina irabu ileile moja, hii ɜː. Sisi tukapeleka moja chumba cha a na nyingine chumba cha e: shati, sketi. Nurse nayo ikawa nesi. Mtu anayesikia sauti iliyo nyuma zaidi ya e na juu zaidi ya a, kwenye mahali ambapo lugha yake haina kitu, atafanya hivyo hivyo. Msiseme hurt kama "hati" wala "heti". Legeza ulimi kabisa, usiende mbele wala nyuma, midomo isifanye kazi, halafu uvute. Ile sauti mtu anayoitoa anapotafuta neno, "əəə", ndiyo hiyo.

Kwenye ahead, hatari ni tahajia. Irabu hii ndogo haina herufi yake. Inaandikwa a kwenye about, e kwenye taken, o kwenye lemon, u kwenye circus, na bado ni sauti moja. Mwanafunzi anayeangalia herufi badala ya kusikiliza mkazo hataipata hata siku moja. Sisi Kiswahili kila silabi inapewa haki yake. Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho lakini nyingine hazifi. Sema Dodoma: o ya kwanza ni o kamili, a ya mwisho ni a kamili. Mwingereza mgeni atasema kitu kama /dəˈdəʊmə/, ya kwanza na ya mwisho zimekufa. Hapo umepata ə mbili ndani ya jina la mji wako.

Konda_wa_Sabasaba
Kweli kabisa, kuna mzungu aliwahi kupanda kwangu anauliza basi la "Dədəumə" na tumeshafika Dodoma. Nikamwambia shuka.

Mstaarabu_AreaD
Nimesoma uzi mzima, naona kosa. Alama 1, ʌ, mwalimu ameipa maelezo S yanayosema "katikati". Nina mchoro wa irabu wa kimataifa ukutani mwangu. ʌ iko NYUMA, usawa wa nusu chini, mkabala na ɔ. Kwa hiyo S haiwezi kuwa ʌ, na jaribio lina dosari. Mwanafunzi aliyeusoma mchoro atanyimwa alama bila kosa.

Mwl_Nkuhungu
Mkuu, ndiyo maana nilisema mwanzoni: matamshi ya Kiingereza cha Uingereza. Sikuuliza mchoro unasemaje kuhusu alama, nimeuliza hut inatamkwa wapi.

Mstaarabu_AreaD
Alama ni alama. Ukianza kuichukua alama ya nyuma ukaipa sauti ya katikati, kwa nini umkatalie Mrangi i yake iliyokatwa?

Konda_wa_Sabasaba
Hapo mwalimu umeshikwa pabaya 🍿

Ulimi_Mrefu
Wote wawili mna hoja. Mchoro unasema kweli: kwa kipimo cha kimataifa ʌ ni ya nyuma. Alama hiyo ilipewa irabu ya hut zamani, wakati matamshi ya waliosoma Uingereza yalikuwa nyuma zaidi. Baadaye ulimi wao ukasogea mbele, kamusi zikaendelea kuandika vilevile, maana nani atabadilisha alama kwenye kamusi zote? Kwa hiyo ndani ya mabano ya mshazari / / alama ni jina la chumba katika lugha husika. Ndani ya mabano ya mraba [ ] ndipo inapodai mahali halisi pa ulimi. Mwalimu ametumia mshazari, yuko ndani ya sheria. Na kwa mantiki hiyohiyo, ndugu yetu wa Haubi akiandika kamusi ya Kirangi na kutumia ɨ kama jina la chumba, hakuna wa kumkamata, mradi aeleze mwanzoni.

Ushahidi wa chumba cha hut kuwa katikati tunao wenyewe. Kama ingekuwa nyuma kama mchoro unavyosema, tungeisikia karibu na o, na huenda leo tungekuwa tunapanda "bosi" badala ya basi.

Lakini kwa mtihani, Mstaarabu ana haki ya kulalamika. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa mchoro pekee ataiona "katikati" na kuikataa. Mimi ningekuwa natunga, ningeandika "katikati au nyuma kidogo".

Mwl_Nkuhungu
Naheshimu, mzee, ila sibadilishi. Nikiandika "au nyuma kidogo", mwanafunzi anayeshindwa kutenganisha hut na heart anapata mlango wa kutokea. Heart ndiyo ya nyuma, nataka ibaki peke yake huko.

Mstaarabu_AreaD
Basi weka neno "cha Uingereza cha leo" kwenye maelezo yenyewe, si kwenye utangulizi. Mtihani ukifika utangulizi hausomwi na mtu.

Binti_UDOM
Nikiongezea ugomvi: kuna vitabu vya Kimarekani vinavyosema hut na ahead zina irabu moja, yenye mkazo na isiyo na mkazo, na vinatumia ə kwa zote mbili. Mwanafunzi aliyesoma hivyo hapa atajibu nini? Na Kaskazini mwa England wapo wanaosema hut kwa irabu ya "foot" kabisa. Kwa nini sisi wa Dodoma tumebebeshwa ya London?

Ulimi_Mrefu
Kwa Wamarekani wengi hoja hiyo ina nguvu, tofauti ya mahali ni ndogo na mkazo unatosha kuzitenganisha. Kwa Uingereza nami ningeziacha mbili. Ya pili, ya kwa nini London, hilo si la fonetiki, ni la aliyetunga mtaala. Nimebishana nalo tangu nikiwa kijana na sikumshawishi mtu.

Zuzu_Stesheni
Narudia jibu langu kabla hamjafunga: 1-C-S, 2-F-K, 3-D-P, 4-G-R, 5-E-L, 6-B-N, 7-A-M. Hat ni kati ya e na a. Hut ni a yetu iliyokatwa. Heart ni aa ya daktari. Hurt ni ya mtu anayetafuta neno. Ahead ni hiyohiyo ya hurt ila haina mkazo. Heat midomo inatabasamu, hit imeacha.

Mwl_Nkuhungu
Saba kwa saba, na sababu zote zinasimama. Njoo na marafiki zako.

Jambo la kiufundi kwa wanaochapa majibu kwenye simu: kidoti cha urefu si nukta mbili za kawaida, ni ː (U+02D0), pembetatu mbili ndogo zinazotazamana. Na ɑ ya heart (U+0251) si a ya kawaida. Ukichapa kwa herufi za mlalo, a ya kawaida inaonekana kama ɑ, msahihishaji atakuhukumu kwa anachokiona. Andikeni kwa herufi zilizosimama.

Mama_Chamwino
Mwalimu, mtoto amesema "nywe". Kachukua jioni nzima lakini kasema.

Konda_wa_Sabasaba
Hongera mama! Na mwalimu, umeruka neno moja, hot. h mwanzoni, t mwishoni. Umelikwepa?

Mwl_Nkuhungu
Nimelikwepa makusudi. Uingereza hot ina /ɒ/: nyuma, chini, fupi, midomo imeviringwa kidogo. Marekani wengi wameacha kuviringa midomo, hot yao inatua karibu kabisa na irabu ya heart ya Uingereza. Ningeliweka, kila aliyekulia kwenye filamu angejibu 7 na angekuwa na hoja ya kunishinda. Uzi wake utakuja na jaribio la midomo, pamoja na foot, food na hawk. Mkondoa, hilo la foot nakuwekea wewe.